Kivuli cha Mwala hakifuati saa ya ukutani

Muulize mtoto yeyote wa gredi ya tatu kivuli chake huwa kifupi zaidi saa ngapi. Atakujibu bila kusita: saa sita mchana. Muulize mzazi wake, jibu ni lile lile. Sasa nenda Mwala, kule Machakos, usimamishe kijiti kwenye uwanja wa shule saa sita kamili. Kivuli bado kipo, na bado kinafupika. Kitaendelea kufupika kwa karibu nusu saa nyingine kabla ya kugeuka na kuanza kurefuka.

Hili si jambo dogo ukiwa na mtoto anayesoma. Mpwa wangu alipewa kazi ya kufuatilia kivuli, akakaa nje na kijiti chake, akaandika kwamba kivuli kilikuwa kifupi kabisa saa sita na nusu. Daftari lilirudi na alama ya kosa kwa wino mwekundu, na pembeni jibu "sahihi": saa sita. Mtoto aliangalia jua kwa siku nzima akaona ukweli, halafu akaambiwa ukweli uko kwenye kitabu. Unadhani mara ya pili atajisumbua kutoka nje?

Kwa hivyo kama una mtoto nyumbani, au wewe ni mwalimu, au umepewa darasa la likizo pale kanisani, hebu tufanye hii kazi ya kivuli vizuri, tukitumia jua la Mwala.

Kwanza, kivuli ni nini?

Watoto wadogo huwa na nadharia zao. Wengine huamini kivuli ni kitu kinachotoka mwilini, na mchana kinaingia ndani kupumzika. Wengine hukichukulia kama picha ya kwenye kioo, wanachora kivuli chenye macho na vifungo vya shati. Usiwacheke. Watoe nje asubuhi uwape maswali mawili.

La kwanza: kivuli chako kiko upande gani, na jua liko upande gani? Mtoto ataona kwamba jua likiwa mgongoni, kivuli kiko mbele. Akigeuka, kivuli hakigeuki naye, kinabaki pale pale. Hapo anaanza kushuku kwamba mwenye kuamua ni jua, si yeye. La pili: ndani ya kivuli chako kuna nini? Ashike ardhi yenye jua kwa mkono mmoja na ardhi ya kivulini kwa mkono mwingine. Ya kivulini ni baridi kidogo. Hakuna kitu kimeongezwa pale, kuna kitu kimekosekana. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, hauwezi kukunja kona, na mwili wako umeuzuia kufika chini.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Kivuli cha mwembe unachokalia na kivuli chako unachokikimbiza ni neno moja, na ni kitu kimoja kweli. Angalia vijana wa bodaboda kwenye steji yoyote yenye mti. Asubuhi pikipiki zimepangwa upande mmoja wa mti, alasiri zote zimehamia upande wa pili. Hakuna mtu aliyewapigia filimbi. Wanafuata kivuli kinavyozunguka.

Onyo moja kabla ya kuendelea: watoto wasilitazame jua lenyewe, hata kwa sekunde chache, hata kwa miwani ya giza. Uzuri wa kazi hii ni kwamba hakuna haja. Kivuli kinakuonyesha jua liko wapi ukiwa umetazama chini.

Vifaa na mahali

Unahitaji kijiti kilichonyooka ambacho mita moja kamili itabaki juu ya ardhi. Mita moja inarahisisha hesabu zote, utaona. Kisimamishe ndani ya mkebe wa rangi uliojaa mchanga uliolowa, au kizike ardhini kabisa. Ukitumia mkebe, hizo sentimita 100 zihesabiwe kutoka ardhini hadi nchani, na uchore duara kuzunguka mkebe ili ukisukumwa ujue ulikuwa wapi.

Kijiti lazima kisimame wima. Funga jiwe dogo kwenye uzi, ushike uzi uning'inie kando ya kijiti, uangalie kutoka pande mbili tofauti. Kama kijiti na uzi haviendi sambamba, rekebisha. Fundi wa nyumba anaita hiyo timazi. Kijiti kikiinama upande wa mashariki hata kidogo, vivuli vya asubuhi na vya alasiri havitalingana, na utadhani jua ndilo lenye makosa.

Mahali pawe tambarare na pasiwe na nyasi. Mwaga maji kidogo: yakitiririka upande mmoja, hapo pana mteremko, tafuta kwingine. Halafu hakikisha hakuna jengo wala mti utakaofunika kijiti kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Hili huharibu kazi nyingi, kwa sababu asubuhi uwanja wote una jua, na saa tisa kivuli cha darasa kimekuja kumeza kijiti chako. Pita hapo jioni ya siku iliyotangulia ujionee. Na tafadhali, pawe mbali na goli.

Kufuatilia siku nzima

Kila saa moja, watoto waweke kijiwe mahali ncha ya kivuli ilipoishia, na waandike saa kwa chaki kando yake. Lakini kabla ya kila kipimo, kila mtoto aweke kijiti kidogo au kifuniko cha soda pale anapodhani ncha itafika. Hapa ndipo mchezo unanoga. Kipimo cha kwanza wengi hubahatisha. Kufikia saa tano wanajua kivuli kinaelekea wapi, ila wanashangaa mbona hatua zake zinapungua. Mtoto aliyekosea kwa hatua nzima asubuhi, mchana anakosea kwa upana wa kiganja.

Kwa gredi ya kwanza na ya pili usiwasumbue na sentimita. Chukua kamba ya katani, uinyooshe kutoka chini ya kijiti hadi nchani mwa kivuli, ukate. Kila saa, kamba moja. Mwisho wa siku zitundike ukutani kwa mpangilio, kuanzia ya asubuhi. Ndefu, fupi, fupi zaidi, halafu zinaanza kurefuka tena. Hiyo ni chati, na mtoto ameitengeneza kabla hajajua neno chati.

Kuna bishano moja litatokea, nakuahidi. Watoto watagombana ncha iko wapi hasa, kwa sababu ukingo wa kivuli hauna makali, una ukungu. Huo ukungu si kosa la macho yao. Jua si nukta, lina upana, kama nusu digrii hivi ukilipima kutoka huku kwetu. Kwa hivyo kuna sehemu ndogo nchani ambapo kijiti kimefunika nusu ya jua na nusu nyingine bado inaangaza. Kwa kijiti cha mita moja, ukungu huo ni kama sentimita moja mchana na mbili hivi asubuhi. Kubalianeni kuweka alama katikati ya ukungu kila mara, na vita vitaisha.

Hebu tupige hesabu ya siku moja

Chukua tarehe 26 Septemba, siku ambayo jua la mchana linapita utosini kabisa hapa Mwala. Nimepiga hesabu ya kijiti chetu cha mita moja. Vipimo vyako vinaweza kupishana na vyangu kwa sentimita moja au mbili, si zaidi, kama kijiti kiko wima.

Saa tatu asubuhi kivuli kina sentimita 121, kimelala kuelekea magharibi. Saa nne ni 71. Saa tano ni 37. Saa sita kamili ni 9. Umeona? Saa ya ukutani inasema ni katikati ya mchana, lakini kivuli bado kina sentimita 9 na bado kinaelekea magharibi. Kinaisha kabisa saa sita na dakika 21. Halafu kinatokea upande wa mashariki: saa saba ni 17, saa nane ni 46, saa tisa ni 83, na saa kumi ni 141.

Sasa linganisha. Saa tano, yaani saa moja kabla ya saa sita, kivuli ni 37. Saa saba, yaani saa moja baada ya saa sita, ni 17. Kama katikati ya mchana ingekuwa saa sita kamili, namba hizo zingelingana. Hazilingani, na hiyo ndiyo dalili kwamba mchana wa jua uko kwingine.

Kuupata ni rahisi. Saa nne asubuhi, shika kamba yenye urefu wa kivuli cha wakati huo, sentimita 71, uifunge chini ya kijiti na uchore duara. Weka alama pale ncha inapogusa duara. Mchana kivuli kitaingia ndani ya duara, kisha alasiri kitatoka tena. Subiri hadi ncha iguse duara kwa mara ya pili, uandike saa. Siku hiyo itakuwa saa nane na dakika 43. Kutoka saa nne hadi hapo ni dakika 283. Nusu yake ni kama 141, yaani saa mbili na dakika 21. Ongeza kwenye saa nne, unapata saa sita na dakika 21. Hukuhitaji hata kuwa pale mchana.

Duara hilo linakupa zawadi nyingine. Vuta mstari kati ya zile alama mbili, ya asubuhi na ya alasiri. Huo ndio mstari wa magharibi na mashariki, wa kweli, bila dira. Ukisimama ukitazama kaskazini, mashariki iko kulia kwako.

Kwa nini tunachelewa?

Jibu liko Mogadishu. Dunia inajizungusha digrii 15 kila saa, yaani digrii moja kwa dakika nne. Lakini haiwezekani kila mji uwe na saa yake, matatu ya Machakos na ya Nairobi zingekuwa zinapishana kwa dakika kila siku. Kwa hivyo nchi hukubaliana kutumia saa moja. Sisi Afrika Mashariki tunatumia saa iliyopangwa kwa mstari wa longitudo ya 45 mashariki. Mstari huo haupiti Kenya kabisa. Unapita Somalia, karibu sana na Mogadishu. Saa yako inaposema saa sita, kwa wastani jua liko katikati ya mchana kwa watu wa mstari ule.

Mwala iko karibu digrii 37 na nusu. Tofauti ni digrii saba na nusu. Zidisha kwa dakika nne, unapata dakika 30. Ndiyo ile nusu saa ya mpwa wangu. Ukiwa Nairobi, ulio magharibi kidogo, ongeza dakika tatu hivi. Mombasa iko mashariki zaidi, kwa hivyo wao wanachelewa kwa dakika 21 tu.

Mbona basi Septemba tumepata dakika 21 hapa Mwala badala ya 30? Kwa sababu dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja mwaka mzima, na mhimili wake umeinama. Jua linatangulia kidogo miezi fulani na kuchelewa miezi mingine. Hapa Mwala, mchana wa jua huja mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, kama saa sita na dakika 14, na huchelewa zaidi katikati ya Februari, saa sita na dakika 44. Lakini saa sita kamili? Haifiki kamwe, hata siku moja kwa mwaka.

Watu wa pwani wamejua kusoma kivuli tangu zamani. Wakati wa swala ya adhuhuri huanza jua linapopita kilele, kivuli kinapoanza kurefuka. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, huanza kivuli cha kitu kinapokuwa na urefu sawa na kitu chenyewe, ukiongeza kile kilichokuwepo mchana. Jaribu na kijiti chetu cha tarehe 26 Septemba: kivuli kinafika sentimita 100 saa tisa na dakika 21, saa tatu kamili baada ya mchana wa jua. Lile neno alasiri unalolitaja kila siku lina kipimo cha kivuli ndani yake.

Kivuli kinachobadilisha njia

Sasa hapa ndipo vitabu na video nyingi za mtandaoni hutuacha kwenye mataa. Nyingi zimetengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, na zinasema mambo mawili kama sheria: mchana kivuli huelekea kaskazini, na kinapozunguka hufuata mikono ya saa. Kwao ni kweli. London jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima, na tarehe 21 Desemba kijiti cha mita moja hutoa kivuli cha zaidi ya mita tatu na nusu mchana kweupe.

Mwala iko kusini ya Ikweta kwa kama digrii moja na theluthi tu. Jua linapita juu yetu mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 16 au 17 Machi, na tena tarehe 26 Septemba. Kati ya Septemba na Machi jua la mchana liko upande wetu wa kusini. Kivuli kinaelekea kaskazini, na kinazunguka kama mikono ya saa. Kati ya Machi na Septemba jua liko kaskazini. Kivuli cha mchana kinaelekea kusini, na kinazunguka kinyume cha mikono ya saa.

Weka namba hapo. Tarehe 5 Februari, muhula wa kwanza, kivuli kifupi zaidi cha kijiti chetu ni sentimita 26 kuelekea kaskazini. Tarehe 21 Juni, muhula wa pili, ni sentimita 46 kuelekea kusini. Kijiti ni kile kile na uwanja ni ule ule, lakini majibu yanapingana na yote mawili ni sahihi. Na ile siku ya jua la utosi, vijiwe vya ncha vinapangika kwa mstari mnyoofu kutoka magharibi hadi mashariki, havichori upinde.

Ukichagua siku ya darasa, kumbuka Juni na Julai huku ukambani mawingu hukaa hadi karibu mchana, na kivuli cha mawinguni hakipimiki. Ukikosa kipimo kimoja, acha nafasi tupu kwenye chati. Usimruhusu mtoto akisie namba. Wiki ya mwisho ya Septemba ni nzuri kwa sababu shule zimefunguliwa na watoto watakiona kivuli kikiisha. Siku hiyo usipime kwa saa kuanzia saa sita hadi saa saba, pima kila baada ya dakika 10, maana mambo yote makubwa yanatokea ndani ya muda huo. Ongea na mwalimu wa zamu mapema, kwa sababu muda huo huwa unaangukia kipindi cha mwisho kabla ya chakula.

Ukitaka kuwafungia watoto kazi kwa methali, ipo moja ya wahenga: kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Waulize ni saa ngapi methali hiyo ni kweli. Mvumo ni mti mrefu wenye majani juu tu. Saa tatu asubuhi kivuli cha majani kinaanguka mbali na shina, hata kupita urefu wa mti wenyewe. Mchana wa Septemba kinaanguka kwenye shina lake, na aliye mbali anaungua na jua kama kawaida. Mtoto aliyefuatilia kijiti siku nzima atakujibu bila kufungua kitabu.

Na mwalimu, ukikutana na daftari limeandikwa "kivuli kilikuwa kifupi saa sita na nusu" au "kilielekea kusini", usiinue kalamu nyekundu kwanza. Muulize huyo mwanafunzi alipima tarehe ngapi.